Pongezi Isiyoomba Kitu

Taarifa ya uteuzi ikitoka Ikulu usiku, magrupu ya WhatsApp hujaa kabla mteuliwa hajamaliza kuisoma. "Hongera sana mkuu." "Umeula!" "Usitusahau kwenye ufalme wako." "Soda lini?" Hufuata picha za maua, mikono inayopiga makofi, na kadi zilizotengenezwa tayari ambazo zimeshazunguka kwenye simu nyingi. Hali ni ileile kwa afisa aliyepandishwa daraja kwenye halmashauri, kwa meneja mpya wa tawi la benki, na kwa mfanyabiashara aliyefungua duka la pili. Asubuhi mtu huyo anafungua simu, anateremka na ujumbe mmoja baada ya mwingine, na karibu wote anaweza kuujibu kwa neno moja: asante.

Kati ya hizo zote kuna moja au mbili anazozisoma mara ya pili. Nimefanya kazi ya kuandika na kusahihisha barua za ofisini kwa muda wa kutosha kujua kwamba hizo mbili hazizidi nyingine kwa Kiswahili kizuri. Kinachozitenga ni kwamba mwandishi ametaja jambo fulani ambalo mpongezwaji alilifanya na yeye akaliona, kisha akanyamaza bila kuomba chochote. Ukiweza kuchukua barua yako ya pongezi, ukafuta jina la juu na kuandika la mtu mwingine, na barua ikafaa vilevile, basi hukumwandikia yeyote.

Nianze na zile kauli za usiku, kwa sababu tunazitumia bila kuzipima. "Umeula" husemwa kwa furaha kabisa baina ya marafiki. Kwa mteja au mkuu wa idara, maana yake ni kwamba cheo ni chakula na yeye ndiye aliyeketi mezani. Mtu aliyekabidhiwa bajeti ya umma hapendi neno hilo libaki kwenye simu yake. "Usitusahau" ni ombi, hata likisemwa kwa kicheko, na mtu aliyepata cheo jana tayari ana orodha ndefu ya wanaoomba. "Hatimaye" nayo huumiza kimyakimya. "Hatimaye umepandishwa" inamkumbusha miaka aliyopitwa, na inadokeza kwamba nawe ulikuwa ukiihesabu. "Umetoka mbali" inaweza kusemwa na mzee aliyemlea. Ikisemwa na muuza vifaa vya ofisi inakuwa kama anamwambia kwamba anaukumbuka umaskini wake.

Njia rahisi ya kuona tofauti ni kuchukua barua moja na kuitengeneza mpaka mwisho. Tuseme kuna kampuni ndogo ya uchapaji jijini Dar es Salaam, upande wa Gerezani, inayochapa lebo na mifuko ya vifungashio. Miongoni mwa wateja wake ni mama mmoja wa Morogoro anayetengeneza unga wa lishe: mahindi, soya, karanga na ulezi, katika mifuko ya kilo moja. Wiki hii amepata leseni ya kutumia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ameweka picha ya leseni hiyo kwenye hali ya WhatsApp, na mwenye kampuni ya uchapaji anataka kumpongeza.

Kabla ya kuandika neno, inambidi ajue ni nini hasa kilichopatikana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanapongeza "mafanikio" bila kujua mafanikio gani. Leseni ya TBS haitolewi kwa kujaza fomu tu. Wakaguzi hufika mahali pa uzalishaji, huangalia usafi, maji, sakafu, stoo na namna kazi inavyofanyika, kisha huchukua sampuli na kuzipeleka maabara. Kwa unga wenye mahindi na karanga, jambo linaloogopwa kuliko yote ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu ambayo huwezi kuitambua kwa ladha na ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo wasindikaji wa vyakula vya watoto wanajua uzito wa jibu la maabara. Kinga kubwa ya msindikaji mdogo ni kuikausha nafaka vizuri, kuitunza pakavu, na kuketi kuchambua karanga kwa mkono, kuzitoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Ni kazi ya saa nyingi, na mlaji haioni.

Mchapaji wetu hajawahi kufika kwenye kiwanda hicho, kwa hiyo hawezi kusifia uchambuzi wa karanga kana kwamba aliushuhudia. Lakini yapo aliyoyaona mwenyewe. Mwezi Machi, duka moja kubwa lilitaka kuanza kuuza unga ule, na mtu mmoja akashauri alama ya TBS iwekwe kwenye lebo mapema, maana leseni "inakuja tu." Mama alikataa. Alisema alama itachapwa siku leseni itakapokuwa mkononi, na mzigo ukasubiri. Mchapaji alikuwapo kwenye mazungumzo hayo, kwa kuwa lebo zilikuwa zake. Hilo ndilo jambo la kutaja, na hakuna mtu mwingine atakayelitaja.

Sasa tazama barua ambayo ofisi nyingi zingeandika. Mchapaji alimpa kazi hiyo msaidizi wake, naye akaleta hivi:

"YAH: PONGEZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote, napenda kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa dhati kwa mafanikio makubwa uliyoyapata. Mafanikio haya ni matokeo ya juhudi, weledi na uadilifu wako. Sisi tukiwa wadau wako wa karibu tunajivunia mafanikio hayo. Aidha, tunapenda kukujulisha kwamba tumenunua mashine mpya ya kuchapa lebo za rangi, na kwa mwezi huu tunatoa punguzo la asilimia 10. Tunatarajia kuendelea kushirikiana nawe. Wako katika ujenzi wa taifa."

Simlaumu msaidizi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua ya kiofisi, na kwa barua ya kuomba kibali au kujibu hoja za mkaguzi muundo huo unafaa. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ipo ili karani ajue faili gani la kufungua. Mtu anayepongezwa hahitaji kufunguliwa faili. "Napenda kuchukua fursa hii adhimu" inachelewesha neno la furaha kwa mstari mzima. Juhudi, weledi na uadilifu ni sifa tatu nzuri ambazo hukaa pamoja kwenye kila hotuba, na kwa sababu zinamfaa kila mtu hazimgusi yeyote. "Tunajivunia mafanikio hayo" inamchukulia mama kitu kilicho chake, kwa kuwa aliyeketi na wakaguzi ni yeye na wenzake kiwandani.

Kosa kubwa limekaa kwenye "aidha." Mpaka hapo barua ilikuwa ya kawaida tu. Baada ya hapo inakuwa tangazo, na kila kilichotangulia kinasomeka upya: kumbe alisifiwa ili auziwe. Najua mchapaji ana haki ya kuuza. Tena katika jambo hili biashara ipo kweli, kwa sababu mama atahitaji lebo mpya zenye alama na namba ya leseni, na zile za zamani hazitamfaa. Ila mama mwenyewe anajua hivyo, na atapiga simu. Asipopiga ndani ya wiki moja au mbili, mchapaji anaweza kumtafuta kwa ujumbe mwingine unaohusu lebo peke yake. Mambo hayo mawili yakikaa karatasi moja, la biashara humeza la pongezi.

Baada ya kukaa nayo, barua ikawa hivi:

"Dada, hongera sana kwa leseni ya TBS. Nimeiona jana jioni nikaionyesha kwa wote waliokuwapo ofisini. Nilikumbuka mwezi Machi, ulipokataa tuweke alama kwenye lebo kabla leseni haijatoka, ingawa dukani walikuwa wanasubiri mzigo. Siku ile nilijifunza kitu, na tangu hapo mteja akiniomba nimchapie alama asiyokuwa na leseni yake, namwambia tusubiri. Vijana wa mashine, ambao wamechapa lebo zako tangu ulipoanza na mifuko ya karatasi, wanakusalimu na kukupongeza wewe na kina mama wote mnaofanya nao kazi. Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yenu."

Kisha jina lake, basi. Urefu wake unakaribiana na wa ile ya kwanza. Neno hongera limekuja mwanzoni, likiwa na sababu yake ndani ya sentensi hiyohiyo, ili msomaji asitafute anapongezwa kwa lipi. Jambo lililoshuhudiwa limetajwa pamoja na wakati wake. Athari yake kwa mwandishi imesemwa, na hapo ndipo ukweli wa barua unapoonekana, kwa sababu kumwambia mtu kwamba tabia yake imebadilisha namna unavyofanya kazi ni sifa isiyohitaji kutiwa chumvi. Lakini sentensi hiyo ina sharti lake. Iandikwe tu ikiwa mchapaji kweli anawakatalia wateja wa aina hiyo. Kama hafanyi hivyo aiache, na barua bado itasimama kwa zile nyingine.

Dua ya mwisho nimeiacha kwa makusudi, ingawa wapo wanaoona kwamba barua ya kikazi haipaswi kuwa na dua. Kwetu pongezi bila kumtaja Mungu husikika kavu, hasa kwa mtu mzima. La kuangalia ni kwamba humjui kila mteja anasali wapi, na "Mwenyezi Mungu" ni jina wanaloliitikia Waislamu na Wakristo bila mmoja kujiona mgeni. Kama mnafahamiana kwa imani, tumia maneno yenu. Kama hamfahamiani hivyo, dua moja fupi inatosha. Mahubiri ya mistari mitano yanamhamisha mpongezwaji kutoka kwenye barua yake mwenyewe.

Liko pia suala la nani atie sahihi. Kampuni nyingi hudhani heshima inapanda ikiwa barua itatoka kwa mkurugenzi. Si mara zote. Mama wa Morogoro anamjua mtu aliyempokelea simu za lebo kwa miaka, na pengine hajawahi kuisikia sauti ya mkurugenzi. Barua na itoke kwa yule anayemjua. Mkurugenzi akitaka kuonekana, aongeze mstari mmoja chini kwa mkono wake. Na jina la kumwitia libaki lile mlilozoea. Ukimwita "Dada" miaka yote halafu siku ya leseni ukamwandikia "Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji," umemsogeza mbali siku ambayo ulitaka kuwa karibu. Kwa mteja mliyezoeana kwa "Bwana" na jina la ukoo, nako usirukie "kaka" eti kwa sababu ya furaha. Kama ni mzee wa kuamkiwa, shikamoo itangulie, hata kwenye ujumbe wa simu.

Njia ya kuufikisha inategemea mlivyokuwa mkiwasiliana. Aliyezoea barua pepe apate barua pepe, na kichwa chake kiseme wazi, kwa mfano "Hongera kwa leseni ya TBS." Aliyezoea WhatsApp aandikiwe kwake binafsi. Kwenye grupu unaweza kuongeza hongera ya neno moja pamoja na wengine ili usionekane umenuna, lakini ile yenye jambo lililoshuhudiwa haifai kwa hadhara isiyoijua habari ya lebo. Mtu mzima asiyependa kuandika, mpigie simu. Mtandao wa LinkedIn hukuletea maneno yaliyoandaliwa tayari kila mtu anapobadilisha cheo au kutimiza mwaka kazini, nawe unabonyeza tu. Aliyepongezwa anaona maneno yaleyale kutoka kwa kila mtu, na anajua ulitumia kidole kimoja. Afadhali uandike sentensi moja ya kwako.

Hadi hapa nimezungumzia mafanikio ya biashara. Kupanda cheo kuna mitego yake, na wa kwanza ni kupongeza kisichotokea. Mtu anayekaimu nafasi bado hajateuliwa. Kaimu meneja anaweza kukaa miezi kadhaa kisha nafasi akapewa mwingine, naye akarudi kwenye meza yake. Ukimpongeza kwa "kuwa meneja," unamweka pabaya mbele ya wanaoamua, na akirudi kwenye meza yake barua yako inakuwa kidonda. Mwandikie kwa kadiri ya kilichotokea: "Nimesikia umeaminiwa kukaimu idara. Nakutakia utulivu katika kipindi hiki." Vilevile katika utumishi wa umma kupandishwa daraja, kutoka daraja la pili kwenda la kwanza au kuwa afisa mwandamizi, hakumaanishi mtu amepewa uongozi wa kitengo. Anayepongezwa kwa uongozi asiokuwa nao hujikuta akieleza na kukanusha badala ya kufurahi. Na kama habari umeipata kwa mtu wa ndani kabla barua haijatoka, subiri. Pongezi iliyowahi mno inamfanya mwajiri wake aulize nani aliyevujisha.

Mtego mwingine ni mtangulizi. Taarifa zetu za uteuzi mara nyingi hubeba habari mbili kwa pamoja: fulani ameteuliwa, na uteuzi wa fulani umetenguliwa. Mara nyingine aliyeondoka alikuwa bosi wa aliyeingia, au rafiki yake. Watu huandika, "Sasa idara imepata mtu wa kazi," wakidhani wanamsifia mpya. Mpya akiisoma anasikia jinsi watakavyomsema yeye siku akiondoka. Barua ya pongezi haimhitaji mtangulizi. Mwache apumzike.

Kwa mwanamke aliyeteuliwa, nakuomba sana uangalie sifa unazochagua. Nimeona barua nyingi zinazomsifia kwa kuwa "mama jasiri," kwa upole wake, kwa kuwa mfano kwa mabinti, na hakuna hata moja iliyotaja hesabu alizozifunga kwa wakati au mkataba alioujadili upya. Mwenzake wa kiume aliyeteuliwa siku hiyohiyo alisifiwa kwa kazi. Taja kazi yake.

Pongezi ngumu kuliko zote ni ile unayompa mwenzako aliyepata nafasi ambayo nawe uliiomba. Mmefanya usaili wiki moja, mnakaa ofisi moja, na sasa yeye ndiye atakayesaini likizo yako. Ukinyamaza, kila mtu ataona. Ukifurika sifa, yeye mwenyewe hatakuamini, kwa sababu anajua ulikuwa ukiitaka nafasi hiyo. Ninavyoona, huyu asiandikiwe kwanza. Mfuate siku hiyohiyo, mkiwa wawili, kabla hamjakutana kwenye kikao. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Hongera. Nami niliitaka nafasi hii, unajua. Lakini ile ripoti ya robo ya tatu uliyoinusuru sisi wengine tukiwa tumekata tamaa, niliiona. Nitakupa ushirikiano." Kukiri kwamba uliitaka kunaondoa kile ambacho nyote wawili mngekuwa mkikizunguka kwa miezi. Kutaja ripoti kunamwonyesha kwamba kuna sababu ya kweli ya wewe kukubali. Na "nitakupa ushirikiano" ni ahadi, kwa hiyo iseme tu kama utaitimiza. Kama siku hiyo moyo bado ni mzito, sema hongera na jina lake, umpe mkono, na hayo mengine yangoje mpaka uweze kuyasema kwa ukweli.

Katika ofisi hiyo wapo watakaoanza kumwita "bosi" kwa utani siku ileile. Mwenye cheo kipya huchoka na utani huo upesi kuliko anavyoonyesha, maana ndani yake kuna kumpima. Endelea kumwita ulivyomwita jana. Kama ofisi yenu ina desturi ya kuwaita wakuu kwa vyeo, ifuate kwenye vikao, na faraghani yeye mwenyewe atakuonyesha anapendelea nini.

Nimeacha makusudi mteja aliye mtumishi wa umma, kwa sababu hapa pongezi inaweza kuwaletea matatizo nyote wawili. Tuseme kampuni yako imewasilisha zabuni kupitia mfumo wa NeST, ambao ndio unaotumika Tanzania kwa ununuzi wa umma, na afisa uliyekuwa ukiwasiliana naye amepandishwa kuwa mkuu wa kitengo cha ununuzi. Unamfahamu, na umefurahi kwa dhati. Lakini kikapu cha matunda, saa ya mkononi, au hata bahasha ya "pole na majukumu" inayomfikia wakati zabuni yako iko mezani haiwezi kusomeka kama furaha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea, na TAKUKURU hawataanza uchunguzi wao kwa kuuliza moyo wako ulikuwaje. Kenya nako Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea maafisa masharti kuhusu zawadi hadi ilipofutwa mwaka 2025, na Sheria ya Rushwa ya 2016 imeyabana hata makampuni binafsi.

Kwa afisa huyo, andika barua tupu. Itume kwenye anwani ya ofisi, isiwe kwenye simu yake binafsi, ili yeyote aweze kuisoma. Usiitaje zabuni, hata kwa kusema kwamba huizungumzii. Usimwalike chakula. Mpongeze kwa jambo lililo wazi kwa wazabuni wote, kwa mfano kwamba majibu ya maswali yao yalikuwa yakitoka ndani ya muda uliotangazwa. Kama huna jambo la namna hiyo, sentensi mbili za heshima zinatosha, na kama zabuni iko kwenye tathmini ni halali kabisa kusubiri matokeo yatoke ndipo uandike. Pongezi iliyochelewa kwa sababu hiyo hailaumiwi na mtu yeyote mwenye akili.

Taasisi za umma nazo zina swali la nani anayelipa. Mwishoni mwa 2015 Katibu Mkuu Kiongozi wa wakati huo, Ombeni Sefue, alitangaza kwa maelekezo ya Rais Magufuli kwamba kadi za Krismasi na mwaka mpya zisichapishwe kwa fedha za serikali, na anayetaka kutuma azigharamie mwenyewe. Zilikuwa kadi za sikukuu, lakini hoja inaingia moja kwa moja kwenye yale matangazo ya kurasa nzima magazetini ambamo "Bodi, Menejimenti na Wafanyakazi" wanampongeza waziri mpya, picha yake ikiwa kubwa na nembo yao ikiwa chini. Ukurasa huo umelipiwa, na mara nyingi mfanyakazi anayetajwa ndani yake hakuulizwa. Mimi ningependa fedha hiyo ibaki kwenye kazi ya taasisi, na mkuu wa taasisi amwandikie waziri barua ya ukurasa mmoja.

Kuna wakati habari inakufikia imechelewa. Mteja alipandishwa cheo miezi mitatu iliyopita nawe umejua leo, kwa sababu jina lake limekuja na cheo kipya chini ya barua pepe. Hapo wengi huona aibu wakanyamaza, au huandika aya nzima ya kujieleza. Mstari mmoja unatosha: "Nimeona leo kwamba umekuwa meneja wa kanda, na nimechelewa kukupongeza." Kisha endelea na lile uliloliona kwake. Pongezi ya mwezi wa tatu ina faida yake, kwa sababu makofi yamekwisha, kazi imeanza kuuma, na mtu ana nafasi ya kuisoma. Unaweza hata kutaja jambo alilolifanya tayari akiwa kwenye kiti kipya, jambo ambalo waliopongeza siku ya kwanza wasingeweza kulijua.

Naye akijibu, mwache ajibu atakavyo. Huenda ikawa "asante sana ndugu yangu" peke yake, na jibu hilo halihitaji jingine juu yake. Mama wa Morogoro alimjibu mchapaji kwa ujumbe wa sauti wa nusu dakika, akicheka, akiwataja vijana wa mashine na kuwatuma salamu. Mchapaji aliwasikilizisha. Siku nne baadaye alipiga simu mwenyewe, na safari hii ilikuwa ni ya lebo: namba ya leseni ikae wapi, alama iwe na ukubwa gani, na zile za zamani zilizobaki stoo wafanyeje nazo.